Mwenye hisa anaweza kuondoka, jirani hawezi: makaa ya Ngaka na swali la kampuni inapaswa kumjali nani

Ukikaa Lituhi na kuangalia barabara inayoteremka kutoka Kitai, utaona jambo ambalo wataalamu wa biashara duniani wamebishana nalo kwa zaidi ya miaka 50. Lori la makaa ya mawe linapita kuelekea bandari ya Ndumbi. Makaa yale yana mwenyewe, na faida yake ina mwenyewe. Lakini vumbi linatua juu ya usipa ulioanikwa na mama ambaye hana hata senti moja kwenye kampuni hiyo. Je, wakubwa wa kampuni wanapokaa kikao kupanga mambo yao, wana sababu yoyote ya kumfikiria mama huyu?

Hapo ndipo ulipo mjadala wa wenye hisa na wadau. Mwenye hisa ni mtu au taasisi iliyotoa mtaji na kumiliki sehemu ya kampuni. Kampuni ikipata faida na bodi ikaamua kuigawa, yeye hupata fungu lake, linaloitwa gawio. Mdau ni neno pana zaidi. Limetokana na dau, yaani kile anachoweka mtu mezani kabla ya mchezo, ambacho anaweza kukipoteza. Mfanyakazi ameweka nguvu zake na mapafu yake. Mteja ameweka kiwanda chake, ambacho kitasimama makaa yasipofika. Jirani ameweka shamba lake, kisima chake na barabara yake. Hawa wote wana dau ingawa hawana hisa.

Hoja ya kila upande

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika makala iliyosomwa sana. Alisema meneja ni mwajiriwa wa wenye mali, kwa hiyo kazi yake ni kuwaongezea faida huku akifuata sheria na taratibu za jamii. Akitoa pesa za kampuni kujenga zahanati, anatoa pesa zisizo zake. Hoja hii ina uzito. Meneja anayesema anamtumikia kila mtu anaweza kuwa hawajibiki kwa yeyote, maana kila akiulizwa kwa nini hakuna faida atajibu kwamba alikuwa anaijali jamii, na akiulizwa na jamii atajibu kwamba alikuwa anatafuta faida.

Agosti 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani walitia saini tamko lililosema kampuni inapaswa kuwatumikia wateja, wafanyakazi, wauzaji wanaoihudumia, jamii inayoizunguka, pamoja na wenye hisa. Wengi waliliona tamko hilo kama mabadiliko makubwa. Wengine waliuliza swali dogo: ni nani anayeweza kuwabana wakuu hao wasipotimiza waliyosema? Tamko halikutoa jibu.

Swali hilo dogo ndilo lenye maana zaidi kwetu. Ili tulijibu, tuangalie mgodi ulio jirani yetu, Ngaka, wilayani Mbinga.

Ngaka ilivyoanza

Machimbo ya Ngaka yako kata ya Ruanda, katika vijiji vya Ruanda na Ntunduwaro. Kampuni ya Tancoal Energy iliundwa mwaka 2008 kwa ubia, na uchimbaji ukaanza mwaka 2011. Asilimia 70 ya hisa zilikuwa za Intra Energy, kampuni ya Australia ambayo hisa zake ziliuzwa kwenye soko la hisa la nchini kwao. Asilimia 30 zilikuwa za Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, kwa niaba ya Watanzania wote.

Kwa hesabu ya juu juu, basi, hata mama wa usipa wa Lituhi alikuwa na hisa kidogo kupitia serikali yake. Lakini suala la NDC kutopata gawio kutoka kwenye ubia huo limewahi kuhojiwa katika ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na katika kamati ya Bunge. Watu wengi walishangaa. Malori yanaonekana, makaa yanauzwa, inawezekanaje mwenye asilimia 30 asipate kitu?

Tuifanye hesabu kwa mfano wa kampuni ya kufikirika, ili tuone jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea kwenye kampuni yoyote. Tuseme kampuni imeuza tani 10,000 kwa mwezi, kila tani kwa shilingi 100,000. Mauzo ni shilingi bilioni 1. Kutoka hapo inalipa mafuta ya mitambo, wenye malori, mishahara na kodi. Kisha inalipa riba ya mkopo, na mara nyingine aliyeikopesha ni mwenye hisa mkubwa mwenyewe. Inalipa pia ada ya usimamizi, na anayesimamia anaweza kuwa kampuni mama ya huyo huyo mwenye hisa mkubwa. Ukimaliza kutoa hayo yote unaweza kubaki na sifuri. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri.

Tuseme sasa imebaki faida ya shilingi milioni 100. Hata hapo gawio halijipi lenyewe. Bodi inaweza kuamua kununua mtambo mpya kwa pesa yote. Ikiamua kugawa nusu, yaani milioni 50, mwenye asilimia 30 atapata milioni 15. Kumbuka mwenye hisa mkubwa alishapokea riba na ada kabla faida haijahesabiwa.

Linganisha na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 0.3 ya mauzo. Kwenye mauzo ya bilioni 1 ni shilingi milioni 3. Ni kidogo, lakini inalipwa hata kama kampuni imepata hasara, kwa sababu inahesabiwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Mrabaha wa madini nao unahesabiwa kwenye thamani ya madini, hausubiri faida. Kwa hiyo ukiambiwa kijiji au serikali itanufaika na mgodi, uliza kwanza: kwa kutumia mauzo au kwa kutumia faida? Mauzo unaweza kuyakadiria kwa kuhesabu malori na mizani. Faida inaandikwa ofisini.

Dau la kila mmoja

Turudi kwa wadau wasio na hisa. Kwa nini wazingatiwe?

Sababu ya kwanza ni kwamba mwenye hisa anaweza kuondoka kwa urahisi. Sheria humlinda pia: kampuni yenye dhima yenye ukomo ikifilisika, yeye hupoteza mtaji aliouweka tu, nyumba yake haiguswi. Akichoka anauza hisa. Intra Energy yenyewe baadaye iliachana na biashara ya makaa Tanzania na kuelekeza nguvu kwenye utafutaji wa madini kwao Australia. Hilo si kosa, ndivyo mitaji inavyotembea. Lakini shimo halikuhama nayo. Mkulima wa Ntunduwaro hawezi kuuza ujirani wake na mgodi sokoni asubuhi na jioni akawa hana tena habari nao.

Sababu ya pili ni kwamba mdau aliyepuuzwa naye hutafuta njia yake, na njia hiyo inaweza kuigharimu kampuni. Tazama upande wa wateja. Mwaka 2016 serikali ilizuia uingizaji wa makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikatakiwa kutumia makaa ya ndani, hasa ya Ngaka. Kwa mwenye machimbo hiyo ni neema, mteja hana pa kwenda. Lakini kukawa na mvutano kuhusu makaa kati ya upande wa machimbo na kiwanda cha Dangote cha Mtwara. Machi 2017 Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliagiza kiwanda hicho kipewe eneo lake cha kuchimba makaa ndani ya siku 7. Mteja akapewa njia ya kujichimbia mwenyewe. Mteja aliyefungiwa ndani si sawa na mteja aliyeridhika, na mlango ukifunguka kidogo tu atatoka.

Kwa wafanyakazi hali ni hiyo hiyo. Dereva asiyelipwa safari za ziada huanza kukimbiza lori ili apate safari nyingi, na lori linalokimbizwa kwenye kona za Mbinga ni hasara ya kampuni, ya abiria na ya mwenye nyumba iliyo kando ya barabara.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi afanye kazi kwa uaminifu na kwa manufaa ya kampuni. Inaongeza kwamba katika maamuzi yake azingatie maslahi ya wafanyakazi pamoja na ya wanachama wa kampuni, yaani wenye hisa. Hivyo kwetu mfanyakazi ametajwa ndani ya sheria yenyewe ya kampuni. Hata hivyo, wajibu huo mkurugenzi anadaiwa na kampuni. Mfanyakazi mmoja mmoja hapati njia rahisi ya kwenda mahakamani kusema kwamba bodi haikumfikiria. Silaha zake halisi ziko kwenye mkataba wa ajira, chama cha wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya mfuko huo kwenye mshahara wako, hapo kuna kosa.

Jirani ana njia nyingine. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ule ambao kwenye mabango huandikwa kwa herufi CSR. Mpango huo lazima ukubaliwe na halmashauri na ufuate vipaumbele vya jamii ya mahali hapo. Halmashauri inatakiwa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuelimisha wananchi. Angalia tofauti yake na msaada. Msaada hutolewa mkubwa akijisikia, na siku ya kukabidhi madawati mnapigwa picha. Mpango wa kifungu cha 105 ni deni. Unaweza kuudai kabla ya mwaka kuanza na kuukagua mwaka ukiisha.

Kwa aliyechukuliwa shamba, sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya mwaka 2016 inayohusu uthamini inaweka muda. Ikipita miezi 6 bila kulipwa, fidia inapaswa kuongezwa riba. Ikipita miaka 2, uthamini ule umekwisha nguvu na unatakiwa kufanywa upya, maana bei ya shamba na ya bati si ile ya zamani. Tunza nakala ya fomu ya uthamini yenye tarehe. Bila tarehe, muda huo huwezi kuuthibitisha.

Baada ya makaa kwisha bado kuna shimo. Sheria za madini na za mazingira zinadai mpango wa kufunga mgodi, na mchimbaji mkubwa huweka dhamana ya kurudisha ardhi katika hali nzuri. Hilo ndilo dau la watoto wetu, nao hawaingii kwenye kikao chochote.

Jirani wa mgodi na jirani wa barabara

Sasa turudi Lituhi, kwa sababu hapa kuna tatizo ambalo mjadala wa wadau huwa hauligusi.

Ngaka iko wilaya ya Mbinga. Lituhi na Ndumbi ziko wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ushuru wa huduma unalipwa halmashauri ambako kampuni inafanya shughuli zake. Mpango wa wajibu kwa jamii nao unakubaliwa na halmashauri yenye mgodi. Makaa yakishapakiwa yanavuka mpaka wa wilaya na vumbi lake, lakini fedha zinabaki upande wa pili. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja, zimebeba makaa kutoka Ndumbi. Tani 1,000 ni zaidi ya safari 30 za lori la tani 30, na lori lililoshusha mzigo linarudi tupu. Kwa hiyo shehena moja ya meli ni zaidi ya mara 60 ambazo lori linapita mbele ya nyumba ya mtu wa Lituhi.

Hali ni hiyo hiyo upande wa mashariki. Tangu mahitaji ya makaa yalipopanda duniani mwaka 2022, makaa mengi ya Ruvuma yamesafirishwa kwa lori hadi bandari ya Mtwara. Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600. Vijiji vyote vya Namtumbo, Tunduru na Masasi vilivyo kando ya barabara ile ni majirani wa mgodi ambao hawajawahi kuuona.

Jirani wa barabara ana dau, lakini karatasi nyingi hazimtambui. Hawezi kusubiri kifungu cha 105 kimfikie chenyewe. Ana njia tatu. Ya kwanza ni tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa chini ya NEMC. Masharti yake yanaweza kugusa usafirishaji: kufunika makaa kwa turubai, kumwagia maji barabara ya vumbi, mwendo wa malori vijijini. Turubai ni jambo linaloonekana kwa macho, halihitaji mtaalamu kulikagua. Ya pili ni mkataba kati ya mchimbaji na wenye malori. Mara nyingi malori si ya mgodi, na ukienda kulalamika mgodini utaambiwa nenda kwa mwenye lori. Jibu zuri ni kuomba masharti ya mwendo na turubai yaandikwe kwenye mkataba wa usafirishaji, kwa kuwa mwenye lori humsikiliza anayemlipa. Ya tatu ni madiwani wa Nyasa kuzungumza na wa Mbinga, halmashauri kwa halmashauri, kabla mpango wa mwaka haujapitishwa. Ukishapitishwa, mtaambiwa subirini mwaka ujao.

Namna ya kuuliza

Kampuni ikija kijijini na kusema inawajali wadau, sifa hiyo ipimwe kwa maswali machache. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi 3, na hapo ndipo pa kuyauliza na kuyaandika kwenye muhtasari.

Muulizeni mwakilishi wa kampuni ahadi hiyo iko kwenye karatasi gani, na nani ana nakala. Muulizeni nani aliipitisha na tarehe gani. Muulizeni inahesabiwa kwa mauzo au kwa faida. Mwisho, muulizeni kampuni ikiuzwa kesho, ahadi hiyo itambana mnunuzi? Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka na meneja. Leseni, mkataba ulioandikwa kwa jina la kampuni na masharti ya mazingira hubaki hata wenye hisa wakibadilika.

Friedman alikuwa sahihi kwa jambo moja: kumwachia meneja peke yake aamue nani ahurumiwe si njia nzuri ya kuendesha kampuni. Lakini hoja yake ilitegemea sheria ziwepo na zifuatwe, na sheria hazijisimamii. Mwenye hisa ana mkutano wake wa mwaka, ana kura, ana mwanasheria. Mama wa usipa wa Lituhi ana mkutano mkuu wa kijiji, diwani wake na haki ya kuomba kuona karatasi. Kikao kijacho cha kijiji kikipita bila swali la turubai, malori yataendelea kupita wazi, na hakutakuwa na mtu wa kampuni atakayesema kwamba aliambiwa.